Bei ya bondi ikishuka yildi inapanda: piga hesabu mwenyewe, afu usome yildi inasema nini

Wadau, kuna kitu kinawachanganya watu wengi sana kwenye bondi. Yildi ni faida ya kwa mwaka anayopata mtu akinunua bondi kwa bei ya leo. Habari inatoka "yildi zimepanda", mwenye bondi anafurahi anajua sasa atalipwa zaidi, kumbe kilichotokea ni kwamba bondi aliyoishika imeshuka bei na hela anayolipwa iko palepale. Hili ukilielewa vizuri mara moja, mengine yote kuhusu soko la bondi yanakuwa mepesi, kwa hiyo twende taratibu na bondi moja tu ya mfano, namba ndogo, hesabu za mkono.

Hatua ya 1: Jua nini kinaweza kusogea na nini hakiwezi

Chukua bondi ya kawaida ya serikali. Thamani yake ni 100, kuponi, yaani riba anayolipwa mwenye bondi, ni 10 kwa mwaka, inaiva baada ya miaka 3. Siku inatoka tu, malipo yote yashaandikwa: mwaka wa kwanza 10, mwaka wa pili 10, mwaka wa tatu 110, yaani kuponi ya mwisho pamoja na ile 100 yenyewe. Hakuna atakayekuja kuandika upya hizo namba, riba ipande au ishuke huko nje, mfumuko wa bei ufanye unavyotaka, malipo ni hayohayo.

Sasa fikiria mwenye hiyo bondi anataka kuiuza kabla haijaiva. Wakati huohuo serikali inatoa bondi mpya za miaka 3 zenye kuponi 12. Nani atanunua yako ya kuponi 10 kwa 100 wakati kwa 100 hiyohiyo anapata 12? Hakuna. Kuponi huwezi kuibadilisha, tarehe ya kuiva huwezi kuibadilisha, kimebaki kitu kimoja tu cha kusogeza nacho ni bei. Unashusha bei mpaka mnunuzi akipiga hesabu zake aone kwa hela aliyotoa anapata 12 kwa mwaka sawa na yule wa bondi mpya. Hiyo 12 ndo yildi, yaani faida ya kwa mwaka ukihesabu bei uliyonunulia, kuponi zote, na hela utakayorudishiwa mwisho.

Na hapa naomba ushike kitu kimoja maana watu wanakosea sana. Bei na yildi sio vitu viwili ambapo kimoja kinamsukuma mwenzake. Ni kitu kimoja kimeandikwa kwa namna mbili. Ukiniambia bei nakupa yildi, ukiniambia yildi nakupa bei. Kwa hiyo ukisikia "yildi zimepanda leo" maana yake halisi ni kwamba watu wameuza bondi mpaka bei zikashuka, basi.

Hatua ya 2: Tafuta bei kwa mkono

Swali tunalojiuliza ni hili, kama mnunuzi anataka asilimia 12 kwa mwaka, kila malipo ya mbele yana thamani gani leo? Unagawanya kila malipo kwa 1.12 mara nyingi kadiri ya miaka utakayosubiri. Malipo ya mwaka wa kwanza, 10 gawa kwa 1.12, unapata 8.93. Ya mwaka wa pili unagawa mara mbili, unapata 7.97. Ile 110 ya mwaka wa tatu unagawa mara tatu, unapata 78.30. Jumlisha zote: 95.20.

Kwa hiyo bondi iliyokuwa 100 sasa ni 95.20. Rudia hesabu hiyohiyo ila safari hii mnunuzi anaridhika na asilimia 8, unatumia 1.08, unapata 105.15. Angalia hapo vizuri, yildi ikipanda pointi 2 unapoteza 4.80, ikishuka pointi 2 unapata 5.15. Sio sawasawa, kushuka kwa yildi kunakupa zaidi kidogo kuliko kupanda kunavyokunyang'anya, na kwenye bondi za miaka mingi hiyo tofauti inakuwa kubwa.

Kama unatumia programu ya jedwali kwenye kompyuta huna haja ya kuhangaika na kugawanya, andika hivi:

```
=PV(0.12, 3, -10, -100)
=RATE(3, 10, -95.20, 100)
```

Ya kwanza unaipa yildi, miaka, kuponi na thamani ya mwisho, inakurudishia bei 95.20. Ya pili unaipa bei inakurudishia yildi, itakuja 12 kwa mia au karibu sana na hapo (kama seli inaonyesha 0.12 au inazungusha namba, panga tu ionyeshe asilimia yenye desimali). Bondi inayolipa kila miezi sita unagawa yildi na kuponi kwa mbili na unazidisha idadi ya vipindi kwa mbili, ukisahau hilo bei yako haitalingana na ya soko na utadhani soko limekosea.

Hatua ya 3: Jihakikishie kwamba 95.20 kweli inazaa 12

Hii hatua watu wanairuka lakini mimi naona ndo inayofungua macho. Weka 95.20 yako. Baada ya mwaka ikikua kwa asilimia 12 inakuwa 106.62, toa kuponi 10 uliyopokea, imebaki 96.62. Mwaka wa pili 96.62 ikikua kwa 12 inakuwa 108.21, toa 10, imebaki 98.21. Mwaka wa tatu 98.21 ikikua inafika 110, ambayo ndo hasa unayolipwa siku ya kuiva. Imefunga.

Umeona pia bei inatembeaje? 95.20, 96.62, 98.21, halafu 100. Hata kama soko halitasogea tena kabisa, bondi iliyonunuliwa chini ya 100 inapanda yenyewe kidogokidogo kuifuata 100 kadiri tarehe ya kuiva inavyokaribia, na ile iliyonunuliwa juu ya 100 inashuka kuifuata 100. Sehemu ya faida yako iko kwenye huo mwendo, haiko kwenye kuponi peke yake.

Ndo maana ile hesabu ya haraka ya kuponi gawa kwa bei inadanganya. Hapa 10 gawa kwa 95.20 inakupa kama 10.5, wakati yildi ya kweli ni 12. Na kwa bondi iliyonunuliwa juu ya 100 inadanganya kwa upande mbaya zaidi, inakuonyesha unapata nyingi kuliko unachopata kweli, kwa sababu haihesabu ile hasara ya kurudishiwa 100 wakati ulitoa 105. Mtu akikutajia yildi muulize kwanza, ni ya mpaka kuiva au ni kuponi gawa kwa bei?

Hatua ya 4: Angalia miaka iliyobaki, huko ndo maumivu yalipo

Chukua bondi nne zote zina kuponi 10, zote zilikuwa kwenye 100, na yildi ya zote imepanda kutoka 10 mpaka 12. Ya mwaka 1 inakuwa 98.21. Ya miaka 3 inakuwa 95.20 kama tulivyoona. Ya miaka 10 inakuwa 88.70. Ya miaka 20 inakuwa 85.06. Mabadiliko ya yildi ni yaleyale pointi 2 ila hasara inatoka chini ya 2 mpaka karibu 15. Sababu ni rahisi, mwenye bondi ya mwaka 1 kafungwa kwenye kuponi ndogo kwa mwaka mmoja tu afu anapata hela yake anaenda kununua ya 12, ila wa miaka 20 kafungwa miaka 20 na mnunuzi anataka afidiwe yote leo.

Kuna kipimo cha kukisia hasara bila kupiga hesabu nzima, wenye soko wanakiita dyuresheni, inakwambia yildi ikisogea pointi moja bei inasogea kwa asilimia ngapi hivi. Bondi yetu ya miaka 10 ikiwa kwenye 100, kipimo chake ni kama 6.1. Yildi ikitoka 10 kwenda 11 unakisia bei itashuka kama 6.1, na ukipiga hesabu kamili inashuka 5.89. Karibu kabisa. Kwa miruko mikubwa ya yildi makisio yanaanza kupotea, hapo rudi kwenye hesabu kamili.

Kuponi ndogo nayo inaongeza maumivu, maana karibu hela yako yote iko mbali kule mwisho. Mfano wa kweli ambao mimi naupenda kuwaonyesha watu: mwaka 2020 serikali ya Austria ilitoa bondi ya miaka 100, inaiva 2120, kuponi asilimia 0.85. Afu yildi za Ulaya zikapanda. Jaribu mwenyewe, weka yildi 3, miaka 97, kuponi 0.85, utapata bei kama 32 kwa kila 100. Na kweli sokoni ile bondi ilianguka chini ya nusu ya thamani yake. Austria haijakosa kulipa hata kuponi moja! Hakuna aliyedhulumiwa, ni hesabu tu ya yildi na miaka.

Sasa mtu atasema "mimi nasubiri mpaka iive, bei ya katikati hainihusu". Ni kweli kama una uhakika hutaihitaji hiyo hela kabla, mlipaji atakulipa 100 yako. Ila huo uhakika ndo ishu. Silicon Valley Bank ya Marekani ilijaza bondi za muda mrefu wakati yildi ziko chini kabisa, afu kuanzia Machi 2022 benki kuu yao ikaanza kupandisha riba, bei za zile bondi zikaporomoka. Wangeweza kusubiri ziive, bondi zenyewe zilikuwa salama. Lakini wenye amana walianza kutoa hela zao, benki ikalazimika kuuza, na tarehe 8 Machi 2023 wakatangaza wameuza za dola bilioni 21 kwa hasara ya kama dola bilioni 1.8. Siku mbili baadaye, tarehe 10, ikafungwa. Hasara ya kwenye karatasi inabaki karatasi mpaka siku unalazimishwa kuuza, kwa hiyo kabla hujanunua ya miaka 20 jiulize hela hii ikitakiwa mwaka wa tatu itakuwaje.

Hatua ya 5: Yildi imesogea, uliza imesogea wapi

Hapa tunaingia kwenye kusoma ishara. "Yildi zimepanda" peke yake haikwambii kitu. Kuna maswali matatu mimi nayauliza kwa mpangilio huu.

Kwanza, ni za muda mfupi au za muda mrefu? Yildi za bondi za mwaka mmoja au miwili zinaifuata benki kuu kwa karibu sana, zinakwambia soko linadhani riba ya benki kuu itakuwa wapi miezi ijayo. Za miaka 10, 20, 30 zinabeba mambo mengi zaidi: mfumuko wa bei utakuwaje kwa miaka mingi, uchumi utakua vipi, serikali itakopa kiasi gani, na ile nyongeza mtu anayoitaka kwa kukubali tu kufunga hela yake muda mrefu. Za mfupi zikipanda peke yake, ujumbe ni benki kuu inabana. Za mrefu zikipanda peke yake, shaka iko kwenye mambo ya mbele.

Pili, ni mfumuko wa bei au ni kitu kingine? Nchi ambazo serikali inatoa bondi za aina mbili, za kawaida na zile ambazo malipo yake yanafuata mfumuko wa bei, unaweza kupima. Chukua yildi ya kawaida ya miaka 10, toa yildi ya ile inayofuata mfumuko ya miaka 10 hiyohiyo. Tuseme ya kwanza ni 4.5 na ya pili ni 2.0, basi soko linahesabu mfumuko wa kama 2.5 kwa mwaka (ndani yake kuna na fidia ya kutojua, kwa hiyo usiichukue kama utabiri safi). Wiki ijayo ya kawaida ikiwa 5.0 na ya mfumuko imebaki 2.0, ujue hofu ni ya mfumuko. Ila kama ya mfumuko nayo imepanda mpaka 2.5, mfumuko haujasogea kabisa, ni gharama halisi ya kukopa iliyopanda. Ni ishara mbili tofauti kabisa zenye kichwa cha habari kimoja.

Tatu, ni wote au ni mmoja? Linganisha na wakopaji wengine wa sarafu hiyohiyo na muda huohuo. Kama bondi za serikali na za makampuni zote zimepanda pointi moja, ni riba ya jumla. Kama za serikali zimetulia na za makampuni zimepanda, pengo limefunguka, watu wanaogopa makampuni yatashindwa kulipa. Na yildi kubwa ya mkopaji mmoja peke yake isikuvutie haraka: mwaka 2012 yildi za bondi za Ugiriki za miaka 10 zilivuka asilimia 30, na mwaka huohuo wawekezaji binafsi wenye hizo bondi wakakatwa zaidi ya nusu ya thamani ya bondi zao. Ile 30 haikuwa faida iliyokuwa inawasubiri, ilikuwa bei ya mtu anayekimbia.

Tuyaweke maswali haya kwenye tukio moja. Tarehe 23 Septemba 2022 serikali ya Uingereza ilitangaza kupunguza kodi kwa kiasi kikubwa kwa kukopa. Yildi zikaruka, na za muda mrefu zikaruka vibaya, bondi ya miaka 30 ikavuka asilimia 5 ndani ya siku chache. Sasa kwa kawaida nchi ikiwa na yildi kubwa zaidi kuliko wenzake hela za nje zinakuja na sarafu inapata nguvu. Hapa pauni ilianguka, tarehe 26 ikagusa kiwango cha chini kuliko vyote dhidi ya dola. Yildi juu, sarafu chini, kwa pamoja! Ukiona hivyo kwenye nchi yenye masoko makubwa, ujue wanunuzi wameanza kuishuku serikali yenyewe, sio kwamba wanasubiri uchumi ukue.

Na kulikuwa na kitu kingine ndani yake. Mifuko ya pensheni ya kule ilikuwa imetumia bondi kama dhamana ya mikopo na mikataba ya riba, bei za bondi ziliposhuka wakaambiwa waongeze dhamana, ili wapate hela wakauza bondi, bei zikashuka tena, wakaambiwa waongeze tena. Kwa hiyo sehemu ya mwisho ya ile yildi haikuwa maoni ya mtu yeyote kuhusu uchumi, ilikuwa ni watu wanaouza kwa kulazimishwa. Tarehe 28 Benki Kuu ya Uingereza ikasema itanunua bondi za muda mrefu, na yildi ya miaka 30 ikashuka zaidi ya pointi nzima siku hiyohiyo. Mruko mkali kiasi hicho unaogeuka kwa siku moja ni dalili kwamba sehemu kubwa ilikuwa uuzaji wa lazima.

Hatua ya 6: Za mfupi zikiwa juu kuliko za mrefu

Kawaida muda mrefu unalipa zaidi. Ikigeuka, ya miaka 2 inalipa kuliko ya miaka 10, maana yake soko linaona riba ya sasa iko juu ila haitadumu, huko mbele benki kuu itaishusha, na benki kuu mara nyingi inashusha wakati uchumi unalegea. Ndo maana watu wanaichukulia kama kengele ya mdororo. Marekani iligeuka hivyo kabla ya midororo ya 2001 na 2007.

Ila tarehe ya mdororo usiitafute humo. Marekani hiyohiyo iligeuka katikati ya 2022 na ikakaa hivyo mpaka 2024, zaidi ya miaka miwili, na mpaka inanyooka, yaani za mrefu zinarudi kulipa kuliko za mfupi, hakuna mdororo uliotangazwa. Kilichokuwa kinasema kweli kipindi chote ni kwamba soko linategemea riba kushuka, na ilishuka kweli kuanzia Septemba 2024, ila kwa sababu mfumuko ulikuwa umepoa.

Mimi nakushauri uangalie zaidi inavyonyooka. Ikinyooka kwa sababu yildi za mfupi zinashuka, soko linaona benki kuu inakaribia kulegeza au ishalegeza, na bondi za mfupi ulizoshika zinapanda bei. Ikinyooka kwa sababu za mrefu zinapanda, mwenye bondi za miaka 20 anaumia, na unarudi kwenye maswali ya hatua ya 5 kujua kama ni mfumuko, ukopaji wa serikali au kitu kingine.

Pale ambapo hesabu hii haikai sawa

Bondi ambayo kuponi yake inabadilika kufuata riba ya soko bei yake haisogei sana, maana kuponi ndo inayosogea. Bondi ambayo mkopaji ana haki ya kuilipa mapema, usitegemee ipande sana yildi zikishuka, atakurudishia 100 yako akakope kwa bei nafuu, na wewe unabaki na hela kwenye soko la riba ndogo, hapo piga yildi mpaka tarehe ya kwanza anayoruhusiwa kulipa.

La mwisho ni soko lenyewe. Sehemu ambayo bondi zinauzwa mara chache, yildi unayoiona kwenye orodha inaweza kuwa imetokana na muamala mmoja mdogo wa wiki kadhaa nyuma. Kabla hujasema yildi "imesogea" angalia tarehe ya muamala na kiasi kilichouzwa, afu linganisha na mnada wa karibuni wa bondi ya muda huohuo. Mnada ukiwa umetoa 12 na orodha bado inaonyesha 10, bei ya kuuzia tumia 12, kwa sababu mnunuzi wako naye ameuona huo mnada.